Lebo ilisema Hass: jinsi ya kununua miche ya parachichi iliyobebeshwa ukiwa mbali na shamba

Mwaka 2021 wakala wa kununua parachichi alipita kijijini kwetu Rungwe, akaingia kwenye shamba la mama, akatembea mstari mmoja mmoja, kisha akamwambia binamu yangu maneno ambayo nilisimuliwa usiku ule kwa simu: "Mengi ya haya siyo Hass. Yale ya kijani pelekeni sokoni."

Mimi nilikuwa Uingereza, nimetoka zamu ya usiku. Shamba hilo la ekari moja na nusu nilikuwa nimeligharimia tangu Desemba 2017, miche 120, nikitegemea kwamba mama akifika uzeeni atakuwa na kitu kinachoingia kila msimu bila kusubiri fedha kutoka kwangu. Miaka minne ya palizi, samadi na mlinzi. Nilichofanya usiku ule hakikuwa cha kiungwana. Nilimwuliza binamu alikula shilingi ngapi.

Alinyamaza kidogo, akajibu: "Kaka, lebo nilizisoma mwenyewe. Zote ziliandikwa Hass."

Alikuwa anasema kweli. Lebo zilisema Hass. Makala hii inahusu umbali uliopo kati ya lebo na mche, na namna ya kuupima kabla hujatuma fedha. Naandika kuhusu parachichi kwa sababu ndilo zao ambalo wengi wetu tulio nje tunaligharimia nyumbani siku hizi, na kwa sababu ndilo lililonifundisha.

Mche mmoja, miti miwili

Mche uliobebeshwa ni miti miwili iliyounganishwa. Chini kuna shina la kubebeshea, ambalo kwa kawaida huoteshwa kutokana na kokwa ya parachichi la kienyeji. Juu kuna kikonyo, yaani kijiti kifupi kilichokatwa kwenye mti mzima unaozaa. Fundi hukata kichwa cha mche wa kienyeji ukiwa na unene wa kalamu ya risasi, hupasua shina katikati, huchonga kikonyo mfano wa kabari, hukichomeka kwenye mpasuo na kukaza kwa utepe wa plastiki. Vikishikana, majani na matunda yote yatakayokuja juu ya kiungo yanafuata tabia ya kikonyo. Mizizi inabaki na tabia ya shina la chini.

Ndiyo maana ukipanda kokwa ya Hass hupati Hass. Kokwa ni mtoto wa mama na baba, naye hutoka na sura yake mwenyewe. Mihass yote duniani imetokana kwa vikonyo na mti mmoja uliooteshwa California na mtu wa posta aliyeitwa Rudolph Hass, aliyeuandikishia hataza mwaka 1935. Mti wenyewe uliugua kuoza mizizi ukafa mwaka 2002, lakini vikonyo vyake vinaendelea kuishi juu ya mizizi ya miti mingine.

Kwa hiyo anayenunua mche ana maswali mawili yasiyofanana. La kwanza: kikonyo kilitoka mti gani? Hilo ndilo swali la aina. La pili: shina la chini lilitokana na nini, na mizizi yake ina hali gani? Hilo ndilo swali la kuishi au kufa kwa mti. Lebo ya kawaida hujibu la kwanza kwa neno moja, na la pili hailigusi kabisa.

Kilichotokea kwenye ile miche 120

Nilikwenda nyumbani likizo mwanzoni mwa 2022, nikaomba msamaha kwanza, kisha tukaingia shambani pamoja na afisa ugani mstaafu anayeishi jirani. Alikuja na kisu kidogo na daftari. Tulihesabu mti mmoja mmoja siku nzima.

Miti 14 ilikuwa imekufa ndani ya miaka miwili ya mwanzo, karibu yote kwenye bonde dogo ambako maji hutuama. Ilibaki 106. Kati ya hiyo, 61 ilikuwa Hass halisi. Miti 27 ilikuwa imezaa matunda ya ngozi laini yanayobaki kijani hata yakiiva. Na 18 ilikuwa mirefu, imenawiri vizuri, haina tunda hata moja.

Mzee alianza na hiyo 18. Alipiga magoti kwenye kila mti, akasafisha shina karibu na ardhi, akatafuta kovu la kiungo. Kwenye baadhi alilikuta: kikonyo kilikuwa kimekauka zamani, kikabaki kama kijino cheusi, na kando yake, chini ya kovu, ndipo lilipochipua tawi lililokuwa limegeuka kuwa mti mzima. Tulikuwa tumelea mti wa kienyeji kwa miaka minne. Kwenye miti mingine hakukuwa na kovu lolote. Hiyo haikuwahi kubebeshwa; pengine ilizungushiwa utepe tu ikachanganywa na mingine. Mti uliotokana na kokwa unaweza kuchukua miaka mitano, saba, au zaidi kabla ya kuzaa, na tunda lake hulijui mpaka ulione.

Ile 27 ilikuwa tofauti. Kovu lilikuwepo, safi, kazi ya fundi anayejua. Kosa lilikuwa kwenye kikonyo. Binamu alipovuta kumbukumbu, alieleza kwamba kwenye kitalu kile lebo haikuwa kwenye kila mche. Kilikuwepo kibao kimoja kwa kila tuta, na siku ya kupakia, miche ya tuta moja haikutosha, vijana wakajazia kutoka tuta la pili. Lebo za makaratasi aliandikiwa mezani, baada ya gari kujaa.

Hapo nilielewa kwamba hasara yetu ilikuwa na vyanzo vitatu: miche isiyo na kikonyo hai, miche yenye kikonyo cha aina nyingine, na miche yenye mizizi iliyoshindwa. Kila kimoja kina mahali pake pa kukikagua, na hakuna hata kimoja kinachoonekana kwenye picha ya mche mzuri wa kijani unayotumiwa kwa simu.

Anza na mti mama, kisha mche

Nilitaka kupanda nusu ekari ya pili, safari hii kwa utaratibu. Kwa nafasi ya mita 7 kwa 7 nusu ekari inachukua miti 40 hivi, nami niliamua kuagiza miche 45 ili niwe na akiba. Tulitembelea vitalu vitatu.

Swali la kwanza kwa kila kitalu lilikuwa moja tu: "Tuonyeshe miti mnayokata vikonyo." Kitalu cha kwanza kilisema vikonyo vinaletwa na mtu kutoka wilaya nyingine. Jina la mtu huyo lilijulikana, miti yake haikujulikana. Kitalu cha pili kilitupeleka kwenye miti michanga ambayo haijazaa. Hilo halina maana kwamba walikuwa waongo. Kikonyo cha Hass changa bado ni Hass. Ila mti ambao haujazaa haujathibitisha chochote, na kama mche ule nao ulinunuliwa kwa kosa, kosa linazaliana kila msimu wa kubebesha.

Kitalu cha tatu kilikuwa na miti mama tisa nyuma ya nyumba, imezungushiwa uzio, kila mmoja una namba ya rangi kwenye shina. Ilikuwa na matunda. Mwenye kitalu aliingia stoo akatoka na matunda mawili aliyoyachuma siku kadhaa nyuma, ngozi yake yenye mikunjo imeanza kugeuka zambarau kuelekea weusi. Hicho ndicho nilichokuwa nataka. Ikiwa juu ya mti, Hass nayo ni ya kijani, kwa hiyo rangi ya tunda lililo mtini haikuambii kitu. Ukilichuma likiwa limekomaa ukaliacha ndani ya nyumba, Hass hugeuka rangi linapolainika. Fuerte, ndugu yake anayechanganywa naye mara nyingi, lina umbo la peya lenye shingo, ngozi laini, na hubaki kijani mpaka mwisho.

Kuna kipimo kingine cha haraka ambacho mzee alinionyesha. Chukua jani la mche, lisugue mkononi, ulinuse. Jani la Fuerte mara nyingi hutoa harufu tamu kidogo kama ya bizari tamu, kwa sababu ukoo wake una damu nyingi ya parachichi za Meksiko. La Hass kwa kawaida halina harufu hiyo. Ukinusa miche kumi ya tuta moja, miwili ikanukia tofauti na minane, umeshajua kwamba tuta limechanganywa. Lakini harufu haikuthibitishii kwamba mche ni Hass, maana ziko aina nyingine nyingi zisizonukia. Hakuna jani litakalokupa uhakika, na fundi anayekuambia kwamba anaitambua Hass kwa kuangalia jani tu anajidanganya au anakudanganya. Uhakika unatoka kwenye mti mama na kwenye utunzaji wa kumbukumbu kutoka mti mama mpaka kwenye kiriba.

Lebo yenye kazi inasema nini

Lebo ya kitalu cha tatu ilikuwa kipande cha plastiki kilichofungwa kwenye shina la kila mche, kimeandikwa kwa wino usiofutika kwa maji. Ilikuwa na vitu vitano: jina la aina, shina la kubebeshea, tarehe ya kubebesha, namba ya mti mama, na jina la kitalu. Kwenye meza kulikuwa na daftari la kaunta. Nilichagua mche mmoja bila kuangalia, nikasoma lebo yake, nikaomba nionyeshwe mstari wake kwenye daftari. Tarehe ilikuwepo, namba ya mti mama ilikuwepo, idadi ya miche iliyobebeshwa siku ile ilikuwepo, na pembeni idadi iliyokufa.

Hiyo idadi ya iliyokufa ndiyo iliyonishawishi zaidi. Hakuna fundi ambaye vikonyo vyake vyote vinashika. Daftari lisilo na vifo ni daftari lililoandikwa kwa ajili ya mgeni.

Upande wa shina la kubebeshea, lebo iliandikwa "kienyeji", pamoja na jina la kijiji ambako kokwa zilikusanywa. Wengine wetu tukisoma kienyeji tunaona kama dosari. Siyo. Miche mingi inayouzwa Tanzania na Kenya imebebeshwa juu ya mashina ya kokwa za kienyeji, na ikiwa kokwa zilitoka kwenye miti yenye afya, mti utaishi vizuri. Yapo mashina maalumu yanayostahimili kuoza mizizi kuliko mengine, kama Duke 7 iliyotoka California au Dusa iliyotoka Afrika Kusini. Lakini hayo hayaoteshwi kwa kokwa tu kisha yakabaki na jina. Lazima shina lenyewe litolewe mizizi kutokana na kipande cha mti wa aina hiyo, kazi ya miezi mingi inayohitaji kitalu chenye vifaa, na ndiyo maana miche yake ni ghali. Kitalu cha pili kilituambia kwamba miche yao ni ya Dusa, kwa bei ileile ya miche ya kawaida. Tulipouliza waliyapata wapi mashina na yana hati gani, mazungumzo yaligeukia hali ya hewa.

Maswali mawili kuhusu shina la kienyeji yanatosha. Kokwa zilitoka kwenye matunda yaliyochumwa mtini au yaliyookotwa chini? Na zilifanywa nini kabla ya kupandwa? Vimelea vya kuoza mizizi hukaa kwenye udongo wenye unyevu, na tunda lililolala chini linaweza kuvibeba mpaka kwenye kitalu. Mwenye kitalu mzuri huchuma kokwa mtini, na wengine huziloweka kwenye maji ya moto ya nyuzi 49 hadi 50 za Selsiasi kwa dakika 30. Joto likizidi hapo kokwa hufa, kwa hiyo anayefanya kazi hiyo kweli atakuonyesha kipimajoto chake.

Kukagua mche wenyewe

Kisha tulikaa chini kwenye viriba, na hapa ndipo mtu wako aliyeko nyumbani anapokuwa na kazi isiyoweza kufanywa kwa simu.

Anza kwenye kiungo. Kitafute kwa kidole, kwa kawaida kipo sentimita 15 hadi 30 juu ya udongo wa kiriba. Kikonyo kilichochomekwa kwa mpasuo huacha alama ya herufi V, na ukizungusha mche utaiona pande zote mbili za shina. Ngozi ya juu na ya chini ya alama mara nyingi hutofautiana kidogo kwa rangi. Sasa chukua tawi lenye majani na ulifuate kwa ukucha kuelekea chini. Lazima likufikishe juu ya V. Likikupeleka chini yake, au likapotelea kwenye upande wa shina chini ya utepe, huo ni mche wa kienyeji uliovaa nguo ya Hass, hata kama una majani mazuri kuliko wenzake. Na mara nyingi ndio wenye majani mazuri, kwa kuwa una mizizi yake yenyewe na haukupata jeraha kubwa. Kijana anayechagua miche mirefu ili amfurahishe mnunuzi ndiye anayeikusanya.

Utepe usikuzuie kuona. Kwenye mche ulio tayari kuuzwa, kiungo kimeshashikana na utepe unaweza kufunguliwa. Omba ufunguliwe. Kama utepe umeachwa muda mrefu, utakuta shina limebanwa kama kiuno cha nyigu, na mti huo unaweza kuvunjika kwa upepo mwaka wa pili. Kama kiungo kinacheza ukikitikisa polepole, bado hakijakomaa.

Halafu umri. Kwa hali ya kwetu, kokwa huchukua kama miezi minne hadi sita kufikia unene wa kubebeshwa, na mche unahitaji miezi mingine kama hiyo baada ya kubebeshwa. Kikonyo kiwe kimeshatoa majani angalau mara mbili, na ya mwisho yawe yamekomaa, siyo yale laini ya rangi ya shaba. Uliza pia kama miche imeshatolewa kivulini ikazoea jua kwa wiki mbili tatu. Mche unaotoka kwenye kivuli kizito ukapandwa siku hiyohiyo kwenye jua huungua majani, na mkulima hudhani ni ugonjwa.

Mwisho ni mizizi, ambayo wauzaji wengi hawataki uione. Mimi nilikubaliana na mwenye kitalu mapema: tutapasua viriba vinne tutakavyochagua sisi, na miche hiyo nitailipia hata kama sitaichukua. Alikubali bila kinyongo. Mizizi yenye afya ina ncha nyingi nyeupe au za rangi ya maziwa, na inashikilia udongo. Mizizi inayooza ni michache, myeusi, na ukiishika inavunjika. Kwenye kiriba cha kitalu cha kwanza tuliikuta mizizi ya namna hiyo, na haikushangaza: viriba vilikaa moja kwa moja juu ya ardhi, mahali pa chini panapopokea maji ya mvua kutoka juu. Kwenye kitalu cha tatu viriba vilikaa juu ya kokoto, na maji yalipita. Angalia pia mzizi mkuu. Kama umefika chini ya kiriba ukajizungusha kama kamba, mche umekaa mno. Ukiupanda hivyo utaendelea kujizungusha ardhini.

Ukinitazama leo, nadhani ile miti yetu 14 iliyokufa ilichangiwa na mambo mawili: mizizi iliyokwisha dhoofika kitaluni, na bonde lile lenye maji. Hata mche safi ungepata shida pale. Hatukupanda tena parachichi kwenye mashimo yale.

Jinsi tulivyolipa

Mwaka 2017 nilituma shilingi 240,000 kwa mkupuo, shilingi 2,000 kwa mche. Safari hii mche ulikuwa shilingi 5,000, jumla 225,000 kwa miche 45. Hiyo bei iliniuma mpaka nilipokumbuka ile 45 ya kwanza iliyokuwa siyo Hass, na miaka yake minne.

Tuliagiza mwezi Januari kwa ajili ya kupanda Desemba 2022, ili miche ibebeshwe kwa ajili yetu badala ya kuokoteza iliyobaki. Nililipa nusu. Risiti iliandikwa aina, idadi, shina la kubebeshea, namba za miti mama, na sharti kwamba mche utakaokutwa na kosa siku ya kuchukua utabadilishwa. Mwezi Juni, wakati wa kubebesha, binamu alikwenda kushuhudia vikonyo vikikatwa. Siku ya kuchukua, alipitia miche yote 45 kwa ukucha kama nilivyoeleza, akakataa sita: minne kwa majani machanga, miwili kwa machipukizi ya chini ya kiungo. Ilibadilishwa palepale. Nusu ya pili ya fedha niliituma akiwa bado amesimama kitaluni.

Kuhusu usajili: Tanzania, Taasisi ya Kuthibitisha Ubora wa Mbegu, TOSCI, ndiyo inayosimamia ubora wa mbegu na vipando, na vituo vya TARI kama Uyole kule Mbeya ni mahali pazuri pa kuuliza vitalu vinavyoaminika katika ukanda wako. Kenya, vitalu vya matunda huandikishwa na Kurugenzi ya Mazao ya Bustani, HCD, nayo KEPHIS inashughulika na ukaguzi wa afya ya mimea. Omba uone cheti na usome tarehe yake. Cheti kinakuambia kwamba kitalu kimekaguliwa. Hakikuambii kwamba mche ulioshika mkononi ulitoka tuta sahihi, kwa hiyo ukucha na pua bado vina kazi.

Na neno moja kwa tuliopo nje: usijaribiwe kubeba vikonyo kwenye sanduku la safari, hata kama rafiki yako ana mti mzuri Hispania au Afrika Kusini. Vikonyo hubeba magonjwa yasiyoonekana kwa macho, na kuingiza mimea bila kibali cha mamlaka ya afya ya mimea ni kosa la kisheria.

Ukaguzi hauishii kitaluni

Siku ya kupanda, binamu alichora ramani ya shamba kwenye daftari: mstari, namba ya mti, namba ya mti mama. Lebo ya plastiki hupauka kwa jua au hukatwa na jembe, lakini ramani inabaki. Kiungo kilibaki wazi juu ya udongo, na kila mwezi alipita kukata chipukizi lolote lililotokea chini yake. Kazi hiyo ndogo ndiyo ingeokoa sehemu ya ile miti 18 ya kwanza.

Ile miti 45 isiyo Hass hatukuing'oa. Mizizi yake ilikuwa na nguvu. Tuliikata kwa awamu, nusu mwaka 2022 na nusu mwaka uliofuata, kwa urefu wa kama mita moja, tukapaka chokaa kwenye shina ili lisiungue jua, na fundi wa kitalu cha tatu akabebesha vikonyo vya miti mama yake juu yake. Siyo yote iliyoshika, mingine ilirudiwa mara mbili. Iliyo mingi imeshaanza kuzaa, na tunda lake linageuka jeusi kwenye kikapu cha mama.

Shamba jipya lilianza kuchanua mwaka 2025. Hapo tulitumia kipimo ambacho ningetamani kukijua zamani, kwa sababu hakihitaji kusubiri tunda. Ua la parachichi hufunguka mara mbili: mara ya kwanza likiwa jike, mara ya pili siku inayofuata likiwa dume. Hass hufunguka jike asubuhi, na dume mchana wa siku ya pili. Fuerte hufanya kinyume: jike mchana, dume asubuhi. Kwa hiyo ukiingia shambani kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, maua ya Hass yaliyo wazi yana kijiti kimoja cheupe kilichosimama katikati, na vinyuzi vya chavua vimelala pembeni. Ukikuta vinyuzi vimesimama na unga wa njano unatoka muda huo, una wasiwasi wa haki. Baridi ya nyanda za juu huvuruga saa za maua, kwa hiyo binamu aliangalia siku tatu zenye jua, siyo moja.

Miti 39 kati ya 40 ilikuwa hai, na 26 ilikuwa na maua. Alinitumia picha moja moja, kila picha na namba ya mti kutoka kwenye ramani. Maua yote yalikuwa jike asubuhi. Chini ya picha ya mwisho aliandika: "Kaka, hesabu mwenyewe."

Nilihesabu. Kisha nikampigia, na safari hii sikuuliza kuhusu fedha.